Vidonge vya Kopo Moja

Siku hiyo mjinga alikuwa Kinyozi, tuanze kwa kulimaliza hilo. Watu wa mtaani bado huuliza kwa upole, kama wanaouliza habari za mgonjwa, "Hivi ilikuwaje ile?" naye huwajibu huku akinyoa, "Mjinga nilikuwa mimi, geuza kichwa huku." Ukishakubali jambo, watu hukosa pa kukuchokonolea. Somo hilo maisha yalimfunza kwa makofi, na hakuwahi kulipwa kwa kulisoma.

Kisa kilianzia kwenye makopo. Kinyozi alikuwa mtu wa makopo. Kule kibandani kwake kila kitu kilichoingia kilivuliwa nguo kilizokuja nazo: poda ilimwagwa kwenye kopo, spiriti ikahamia kwenye chupa, nyembe zikapangwa kwenye bati la biskuti, pamba ikalazwa kwenye gudulia. Maboksi na makaratasi aliyatupa siku hiyo hiyo. "Karatasi ni uchafu uliovaa tai," alipenda kusema. Na kusema kweli, kibandani kwake mpango huo haukuwahi kumtupa, kwa sababu poda haifanani na pamba, na hakuna mteja aliyewahi kupakwa nyembe.

Wiki hiyo mkewe alikuwa kwa mama yake, aliyekuwa ameteguka mguu, na nyumba ilibaki mikononi mwa Kinyozi na mjukuu wake wa kike wa miaka sita, aliyejulikana kwa jina la Hakimu. Jina hilo alipewa na babu yake kwa sababu mtoto huyo hakubali neno bila ushahidi. Ukimwambia usiku umeingia, anatoka nje kwanza kuangalia.

Mkewe alikuwa ameacha vitu viwili juu ya kabati la jikoni. Cha kwanza ni vidonge vya kusafishia maji. Bomba kubwa la mtaa lilikuwa limepasuka kando ya mtaro, maji yakawa yanatoka na rangi ya chai ya maziwa, na wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakigawa vidonge hivyo vikiwa vimefungwa kila kimoja kwenye chumba chake cha karatasi ya fedha. Cha pili kilikuwa kiboksi cha dawa ya minyoo, alichokinunua yeye mwenyewe duka la dawa, cha kutosha watu wote wa nyumba. Mtoto alikuwa hajapata dawa hiyo siku walipogawiwa wenzake shuleni, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na homa.

"Akipona vizuri mpe kimoja atafune," mkewe alimwambia akiwa na mkoba begani. "Cha maji kimoja kwa ndoo kubwa, ungoje nusu saa ndiyo mnywe. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi. Umenisikia, mzee?"

"Mke wangu, mimi nashika wembe shingoni mwa watu kila siku. Vidonge vitanishinda?"

Mke akaenda. Kinyozi akalitazama lile kabati, na macho yake ya mpangaji yakaumia. Makaratasi ya fedha yalikuwa yamejikunja, kiboksi kimekaa upande, kila kitu kama soko lililovunjika. Akachukua kopo zuri la asali, lenye mfuniko, akalikausha. Kisha akakaa kwenye kigoda na kuanza kubinya. Tak, tak, tak. Vya maji vikaingia. Tak, tak. Vya minyoo navyo vikaingia. Alikusudia kuviweka kwenye makopo mawili, hilo tumpe haki yake. Lakini kopo la pili halikupatikana, mteja akapiga hodi uani akitaka kunyolewa kabla ya kwenda msibani, na Kinyozi akajiambia kwamba vya minyoo viko juu na vya maji viko chini, atakumbuka. Akafunga mfuniko. Akalitikisa kidogo ili vikae sawa.

Makaratasi yakaenda kwenye ndoo ya taka.

Asubuhi iliyofuata alichota maji, akayachuja kama alivyoagizwa, akatumbukiza kidonge kimoja ndooni. Kilizama. Akasubiri nusu saa akipiga pasi shati. Aliporudi alikuta kidonge kimevunjika vunjika na unga mweupe umelala chini. Akakoroga kwa mwiko. Unga ukapanda, ukazunguka, ukashuka tena. "Kazi inaendelea," akasema, akachota kikombe cha Hakimu na cha kwake, wakanywa.

Saa nne simu ikalia.

"Umempa mtoto dawa ya minyoo?" mkewe akauliza.

"Ndiyo nataka kumpa sasa hivi," akajibu Kinyozi, ambaye jambo hilo lilikuwa limemtoka kichwani kama nywele za mteja.

Alifungua kopo, akamimina vidonge kwenye sahani. Hapo ndipo alipoiona kazi aliyoifanya. Vyote vyeupe. Vyote vya mviringo. Alivisogeza kwa kidole kama mtu anayechambua mchele ndani ya mchele. Akavisogeza tena. Aliona kama vingine vimenenepa kidogo, halafu akaona kama havijanenepa. Vingine vilikuwa na mstari katikati, na maandishi madogo ambayo macho yake yalikuwa yameacha kuyasoma miaka mingi iliyopita.

Mtu mwingine angepiga simu na kusema: mke wangu, nimevuruga. Sentensi fupi, haina hata mfupa. Lakini yeye alikuwa ameshasema maneno yale ya wembe na shingo, na mtu akishapanda juu ya maneno yake mwenyewe, kushuka ni kazi. Akatafuta njia ya kuuliza bila kuonekana anauliza. Akainua simu, akapiga picha ile sahani juu ya meza, akamtumia mkewe, chini yake akaandika: "Ndizo hizi, siyo?"

Jibu likaja upesi. Mkewe alikuwa na simu mkono mmoja na mguu wa mama yake mkono mwingine. "Ndiyo, ndizo hizo nyeupe. Mpe kimoja."

Kinyozi akashusha pumzi. Akachukua kidonge kimoja, kile kilichokuwa karibu na ukingo.

"Hakimu! Njoo ule pipi ya babu."

Hakimu akaja, akakipokea, akakinusa. Kila kitu alikinusa, hata barua. "Babu, hii si pipi."

"Ni dawa ya minyoo. Tafuna."

"Inanuka kama darasa letu likipigwa deki."

"Minyoo ndiyo inayotakiwa kusikia harufu, siyo wewe. Bibi yako amesema ndicho. Tafuna tumalize kesi."

Mtoto akamtazama babu yake. Hapa Kinyozi hutulia kila anaposimulia, mkasi ukikaa kimya hewani, kwa sababu anaukumbuka ule mtazamo. Hakuwa na ushahidi, yule mtoto. Alikuwa na pua yake tu. Upande wa pili kulikuwa na babu, na bibi aliyekuwa ndani ya simu. Akaamua kuwaamini wakubwa. Akakitia mdomoni, akauma.

Kidonge kikatokota. Povu likamjaa mdomoni, macho yakamtoka, akatema sakafuni huku akipiga kelele, "Kinauma! Babu, kinauma!" Pale sakafuni kile kipande kikaendelea kuchachatika chenyewe kwenye mate, na harufu ya dawa ya kuondolea madoa ikajaa jikoni.

Moyo wa Kinyozi ulianguka mahali ambapo hakujua kama moyo unafika. Alimshika mtoto, akamfungua mdomo, akaona ulimi mwekundu. Kidole chake kilikuwa kimeshaelekea kooni mwa mtoto kumtapisha, kama mama yake alivyokuwa akimfanyia yeye utotoni kwa kila kilichoingia tumboni kimakosa, mara akasita. Mara moja katika siku hiyo alisita, na hilo pia tumpe haki yake. Akampigia shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wa kike wa mkewe, na kazi yake ilikuwa kutoa dawa kwenye dirisha la kituo cha afya, mitaa miwili kutoka pale. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyanoa.

"Shemeji, mtoto amekula kidonge cha maji."

"Amekimeza?"

"Ameuma akatema. Anasema kinauma. Nimtapishe?"

"Usimtapishe! Kama kimemuunguza kikishuka, kitamuunguza tena kikipanda. Msukutue kwa maji masafi, ateme, mara nyingi. Kisha mpe maji kidogo kidogo anywe. Usimpe mafuta, usimpe chumvi, usimpe kitu chochote ulichofundishwa na jirani. Anapumua vizuri? Anatokwa na udenda?"

"Anapumua. Analia."

"Kulia ni vizuri. Mlete hapa sasa hivi. Na uje na makaratasi yaliyofunga hivyo vidonge. Yote."

Kinyozi alimsukutua mtoto kwa maji ya chupa, kisha, huku amempakata kwa mkono mmoja, akapiga goti mbele ya ndoo ya taka. Yule mtu aliyedharau karatasi maisha yake yote akawa anaichambua taka, maganda ya vitunguu upande huu, majani ya chai upande ule, akitafuta karatasi za fedha kama anayetafuta hereni ya bibi harusi. Alizipata. Kiboksi nacho alikipata, kimelowa. Akavitia mfukoni pamoja na kopo, akambeba Hakimu mgongoni, akatoka.

Njiani alipita mbele ya kibanda chake. Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi akimngoja. "Kinyozi, vipi, leo unanyoa au unabeba?" Kinyozi akaongeza mwendo.

Mgongoni mtoto alikuwa ameacha kulia. Hilo lilimtisha zaidi.

"Hakimu, uko macho?"

"Niko macho."

"Kinauma bado?"

"Kidogo." Akajishikiza vizuri shingoni. "Babu, mimi nilikuambia kinanuka."

"Uliniambia, mama."

"Ukasema minyoo ndiyo isikie."

Kinyozi akatembea. Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko mtoto mwenyewe. Aliwaza jinsi alivyotaka mjukuu wake awe mtu wa kuuliza, akamsifu kwa watu, akampa na jina, halafu siku ya kuuliza ilipofika akamfunga mdomo kwa kidonge. Aliwaza pia jinsi isivyokuwa na ubaya wowote, asubuhi ile, kutokujua. Ubaya ulianza pale alipokuwa hajui na akataka picha imjulie.

Kituoni daktari alimwangalia mtoto mdomo, midomo, koo, akasikiliza kifua, akamwambia ameze maji mbele yake. Akameza, akaomba mengine. Hakukuwa na malengelenge, ila wekundu kidogo kwenye ulimi na kwenye shavu la ndani. "Akae hapa tumwangalie mpaka mchana," daktari akasema. "Akianza kutapika, kukohoa, au akashindwa kumeza, tutajua. Lakini alitema upesi. Ana akili huyu."

"Ni ya upande wa bibi yake," akasema Kinyozi, na sauti ikarudi kidogo kidogo mahali pake.

Shemeji alitoka nyuma ya dirisha lake, akapokea kopo, akalitazama kwenye mwanga.

"Nimempigia dada yangu. Nionyeshe ile picha uliyompelekea."

Akamwonyesha. Shemeji akaikuza kwa vidole viwili, na kadiri alivyoikuza ndivyo vidonge vilivyogeuka ukungu mweupe.

"Mimi nafanya kazi hii kila siku," akasema, "na kwa picha hii siwezi kukuambia ni kipi. Hata ungeniambia hivi ni vifungo vya shati ningekubali. Dawa haijulikani kwa weupe wake, shemeji. Inajulikana kwa nguo zake. Soma hapa."

Akalinyoosha lile karatasi la fedha lililonuka vitunguu. Pale paliandikwa jina la dawa, kwamba ni ya kutibu maji, ujazo wa maji kwa kidonge kimoja, na kwa herufi kubwa: USIMEZE. Akafungua kiboksi kilicholowa: jina la dawa, nguvu yake, tafuna, na tarehe ya mwisho.

"Yote haya yalikuwa yameandikwa," akasema Kinyozi polepole.

"Yalikuwa yameandikwa, nawe ukayatupa." Mara shemeji akakunja uso. "Ngoja. Na maji ya leo je? Uliweka kidonge gani kwenye ndoo?"

Kinyozi akaikumbuka ile ndoo. Aliuona ule unga mweupe ukilala chini ya ndoo, ukipanda kwa mwiko, ukishuka.

"Kilitokota?"

"Hakikutokota. Kilivunjika. Kikaacha unga."

"Maji yalikuwa na harufu kidogo ya klorini?"

"Hayakuwa na harufu yoyote."

"Basi umeyatibu maji minyoo. Ndoo yako haina mnyoo hata mmoja, hongera. Lakini vijidudu vya kuhara viko humo vinaogelea. Mmeyanywa?"

"Kikombe kimoja kimoja."

"Rudi ukayamwage, uoshe ndoo, uchemshe mengine mpaka yatokote hasa. Mtoto akianza kuharisha au homa siku hizi mbili tatu, hapa hapa. Na wewe pia."

Hapo mkewe Kinyozi aliingia, kitambaa cha kichwani kimekaa upande, pumzi juu juu. Shemeji alikuwa amempigia. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto, akamshika uso, akamtazama ulimi, akamkumbatia. Kisha akamgeukia mumewe.

"Ulinitumia picha ukaniuliza ndizo hizi."

"Nawe ukajibu ndizo."

"Niliona vidonge vyeupe kwenye sahani yangu, mezani kwangu, vimetumwa na mume wangu. Nilijua umevitoa kwenye kiboksi. Ningejuaje kama umepika pilau?"

"Sikutaka kusema nimevichanganya," Kinyozi akasema. Alisema hivyo hivyo, bila kachumbari, na wanawake wawili wakatazamana kwa sababu hawakuwa wamezoea kumsikia hivyo.

Mke akakaa. Akavuta pumzi. "Na mimi nilijibu bila kuangalia. Mguu wa mama ulikuwa mkononi." Akamshika mtoto mkono.

Shemeji alileta glasi mbili za maji ili dada yake aone kwa macho. Akatumbukiza kidonge kimoja: mara povu, viputo vikapanda, harufu ya deki ikajaa chumba, na Hakimu kutoka kwenye benchi akasema, "Hicho ndicho." Katika glasi ya pili alitia kingine: kilizama, kikakaa, kikaanza kulegea pembeni na kumwaga unga mweupe, bila kiputo kimoja.

Kinyozi alizitazama glasi zile, na wakati huo roho ya mpangaji ikaamka ndani yake. Mtoto alikuwa mzima, amekaa anachezesha miguu. Kopo lilikuwa bado limejaa. Mtu aliyelelewa kwenye shida haoni kitu kimejaa akakubali kimwagwe.

"Sasa shemeji," akaanza, "jambo limepata dawa. Nitakaa na glasi, nikate kipande cha kila kidonge, nikitie majini. Kinachotokota naweka kopo la maji. Kisichotokota naweka la minyoo."

"Hapana. Kopo lote linabaki hapa, tutaliharibu sisi. Vya maji vikishatoka kwenye karatasi vinanyonya unyevu, nguvu inakimbia. Utatia kidonge, utangoja nusu saa, utakunywa uchafu ukiwa na imani."

"Sawa, vya maji nimekubali. Lakini vya minyoo havina neno! Kisichotokota ndicho cha minyoo. Mtoto bado hajapata dawa yake, shemeji."

"Atapata, kutoka kwenye pakiti yake, mdomo wake ukipoa."

"Baba watoto, wacha," mkewe akasema.

"Siwachi, nataka kuelewa tu. Pale nyumbani kabati ni hilo hilo moja, kuna dawa ya kichwa ya bibi yake na vya presha vyangu, lakini hivyo sikuvitia."

"Una hakika hukuvitia?" shemeji akauliza.

"Nina hakika... karibu." Akajikuna shingo. "Lakini maji yenyewe si yameshasema? Hakikutokota, basi ni cha minyoo. Kuna ubishi gani tena?"

Shemeji akafunga mfuniko wa kopo, akalitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Shemeji," akasema, "kila anayekaa kwenye kiti chako akiwa hana ndevu ni mwanamke?"